Kukata kufuli lako lililoshika kutu bila kujiumiza

Katika vijiji vya delta ya Rufiji, maji kupwa na kujaa huleta chumvi ya bahari hadi ndani ya mito, na hewa yenye chumvi hula chuma hata mvua isiponyesha. Mwezi Aprili 2024 mafuriko yaliingia katika vijiji vingi vya wilaya za Rufiji na Kibiti. Kufuli likifunikwa na maji ya tope, mchanga laini huingia ndani, na maji yakipungua kutu hushikanisha kila kitu. Ufunguo unaingia lakini haugeuki, au unageuka na kufuli halifunguki.

Hapo inabidi kukata. Watu wengi huumia kwa sababu hawajui chuma kitafanya nini pale kinapoachia. Tutaeleza hatua kwa hatua, tukitumia mfano wa stoo ya mpunga yenye kufuli la upana wa milimita 50, ambalo upinde wake una unene wa milimita 8. Upinde ni kile chuma kilichokunjwa kinachopita kwenye tumbuu ya mlango, yaani pete inayopokea kufuli.

Kabla ya kukata

Dondoshea mafuta ya taa au dizeli kidogo kwenye tundu la ufunguo na pale pande mbili za upinde zinapoingia kwenye kufuli. Acha usiku kucha. Asubuhi gonga ubavuni taratibu kwa nyundo ndogo, kisha jaribu ufunguo. Usiulazimishe kwa koleo, maana utakatikia ndani. Na kama uliweka mafuta, usisogeze kibatari wala sigara.

Likigoma, mwite jirani au mwenyekiti wa kitongoji ashuhudie. Mtu anayekata kufuli mlangoni, hata kama mlango ni wake, anaweza kudhaniwa mwizi, na maelezo yakachelewa kusikilizwa.

Halafu pima ugumu wa upinde. Kwangua kutu sehemu ndogo, kisha pitisha tupa. Tupa ikiuma na kuacha alama inayong'aa, chuma ni laini na kinakatika. Ikiteleza kama juu ya kioo, chuma kimekazwa kiwandani. Hicho usikikate. Msumeno hautakiingia, na mkasi unaweza kuvunjika meno na kurusha vipande. Badala yake kata tumbuu, ambayo mara nyingi ni chuma laini, au ng'oa skrubu zake kwenye ubao. Tumbuu mpya ni nafuu kuliko jicho.

Vaa viatu vilivyofunika vidole, glavu za ngozi au za kitambaa kizito, na miwani ya kinga inayofunika hadi pembeni. Miwani ya jua haitoshi. Watoto wakae mbali, na shahidi asimame nyuma yako.

Ukiwa na mkasi wa kukatia nondo

Mkasi wenye urefu wa inchi 24 kwa kawaida unamudu upinde laini wa milimita 8. Mdogo kuliko huo utakulazimisha kutumia nguvu nyingi, na hapo ndipo watu huanguka. Usichomeke bomba kwenye mikono ya mkasi ili kuirefusha, kwa kuwa mkasi unaweza kuvunjika ghafla.

Ingiza upinde ndani kabisa ya meno, karibu na maungio, si kwenye ncha. Meno yakae wima juu ya chuma, yasilale upande. Simama miguu imeachana, uso ukiwa pembeni, wala usiegemee mikono ya mkasi kwa kifua. Bana taratibu na kwa nguvu inayopanda. Chuma kikikatika, mikono hiyo hukutana kwa kishindo, kwa hiyo vidole vyote viwe upande wa nje, kusiwe na hata kimoja katikati. Usizungushe mkasi wakati umeuma chuma.

Kwa kufuli lililoshika kutu, mkato mmoja hautoshi. Upinde umeganda na hauzunguki, na mwanya wa mkato ni mwembamba kuliko tumbuu. Kwa hiyo kata pande zote mbili za upinde, karibu na mwili wa kufuli. Ukifanya hivyo hakuna kipande kidogo kinachoruka: mwili wa kufuli unaanguka na upinde unabaki ukining'inia kwenye tumbuu. Kabla ya mkato wa pili, funga mwili wa kufuli kwa kamba kwenye mlango ili usikudondokee mguuni.

Ukiwa na msumeno wa chuma

Msumeno ni wa polepole, lakini unafanya kazi vizuri kwenye upinde laini. Tumia wembe wa inchi 12 wenye meno 24 kwa kila inchi. Meno yaelekee mbele, mbali na mkono wako, na kaza skrubu mpaka wembe usiyumbe. Wembe uliolegea hujikunja na kuvunjika.

Tatizo kubwa ni kufuli kucheza. Wengi hulishika kwa mkono mmoja na kukata kwa mwingine, na msumeno ukiteleza unaingia kwenye kidole gumba. Chukua utepe wa tyubu ya baiskeli, ufunge kufuli kwa nguvu kwenye komeo mpaka lisisogee, ili mikono yote miwili ikae kwenye msumeno. Chora mfereji mdogo kwa tupa pale utakapokata, wembe upate pa kushika.

Sukuma kwa uzito, rudisha bila kukandamiza, ukitumia karibu urefu wote wa wembe. Usikimbize: mara 50 hivi kwa dakika zinatosha. Ukiona wembe unang'arisha chuma bila kutoa unga, meno yameisha au chuma kimekazwa. Simama upime upya kwa tupa.

Mkato ukikaribia kumalizika, punguza nguvu. Mtu anayesukuma vilevile hadi mwisho huishia kugonga vifundo vya vidole kwenye mlango. Kisha fanya upande wa pili, baada ya kukaza tyubu upya, kwa sababu sasa kufuli linacheza zaidi. Usiguse sehemu iliyokatwa mara moja: ni ya moto na ina ncha kali.

Ukiumia

Chembe ya chuma ikiingia jichoni, usisugue wala usiichomoe mwenyewe. Funika jicho bila kulikandamiza na uende kituo cha afya, hata kama maumivu yamepungua.

Ukijikata, bana kwa kitambaa safi mpaka damu ikome, kisha osha kwa maji safi mengi na sabuni. Kutu yenyewe haileti pepopunda. Vijidudu vyake hukaa kwenye udongo na kinyesi cha wanyama, na kufuli lililofunikwa na tope la mafuriko linaweza kuwa navyo. Kidonda kirefu au chenye uchafu kinahitaji kuonwa zahanati siku hiyohiyo, hasa kama imepita miaka 5 tangu chanjo yako ya mwisho ya pepopunda au huikumbuki.

Ukimaliza, okota vipande vyote vya chuma mlangoni, maana wengi hupita hapo peku. Kufuli jipya likate mwili wa shaba, na ulining'inizie kipande cha tyubu juu yake kama paa, mvua isiingie kwenye tundu la ufunguo.