Swichi ya Shinikizo la Juu: Nani Amekata?

Kiyoyozi kikizimika upande wa nje huku ndani kikiendelea kupuliza hewa ya uvuguvugu, mwenye nyumba na fundi husema neno lilelile: "inakata." Neno ni sahihi, ila halimtaji aliyekata. Katika mashine ya nje wapo wawili wanaoweza kufanya hivyo baada ya dakika chache. Wa kwanza ni swichi iliyofungwa kwenye bomba la gesi yenye joto linalotoka kwenye kompresa. Wa pili ni kinga ya joto, ambayo mara nyingi imefichwa ndani ya kompresa yenyewe.

Huyo wa kwanza akiitwa "kikata-presha", kwa mfano wa kikata nyasi, msikilizaji atadhani kazi yake ni kupunguza presha. Sivyo. Kinachokatwa ni umeme. Presha ndiyo inayotoa amri. Kwa hiyo naona jina "swichi ya shinikizo la juu" linasema ukweli zaidi, na fundi anayesema "presha swichi" hajakosea hata kidogo. Katika mashine nyingi za gesi ya R410A, swichi hii hufunguka presha inapokaribia PSI 600, kisha hujifunga yenyewe presha ikishashuka vya kutosha. Ndiyo sababu mashine huwaka tena, hufanya kazi kidogo, na kuzima tena. Viyoyozi vidogo vingi vya chumbani havina swichi hii kabisa, hivyo tusiisingizie mahali isipokuwepo.

Tuchukue mashine ya kusimama ya BTU 36,000 katika ukumbi wa mikutano Dar es Salaam, saa nane mchana. Inawaka vizuri na ubaridi unaanza kusikika, lakini baada ya dakika saba hivi upande wa nje unazima. Kabla ya kufungua kifuniko, tazama feni ya nje. Kwa kawaida swichi ya presha imeunganishwa kwenye njia ya umeme unaoivuta kontakta, kwa hiyo ikifunguka, kompresa na feni husimama pamoja. Kinga ya ndani ya kompresa ikikata, kompresa hunyamaza peke yake na feni huendelea kuzunguka. Hapa vyote viwili vimesimama, kwa hiyo mshukiwa ni presha.

Zima umeme kwenye swichi kuu, chomoa haraka nyaya mbili za swichi ya presha, upime kwa multimita. Ikiwa njia imefunguka sasa, na baada ya muda inajifunga, umeshampata aliyekata. Lakini hujajua kwa nini. Geji iliyounganishwa upande wa presha ya juu itasimulia: mchana wa kawaida ungetarajia kama PSI 400, lakini hapa sindano haitulii, inapanda polepole mpaka inapita 580, halafu kontakta inaachia. Joto linalotoka ukumbini halipati pa kwenda.

Kondensa ikiwa chafu, dalili ni hiyohiyo. Hapa mapezi yake ni safi, ila feni inazunguka kivivu, na ukiweka mkono juu yake upepo ni hafifu. Hapo ndipo kapasita inapoingia. Umeme ukiwa umezimwa, toa kwanza chaji iliyobaki kwa kutumia rezista, kisha pima. Kapasita ya feni imeandikwa maikrofaradi 5, lakini inasoma 2.9. Upungufu unaovumilika kwa kawaida ni asilimia 5 au 6 tu, kama ilivyoandikwa kwenye ganda lake. Ukiweka mpya ya kiasi hichohicho, feni inapata kasi na presha inatulia. Fundi anayeunganisha nyaya za swichi moja kwa moja ili "isikate" atakuwa ameiacha kompresa isukume gesi bila mlinzi.

Ingekuwa kompresa pekee ndiyo iliyosimama, tungefuata njia nyingine. Kapasita ya kompresa ikidhoofika, utasikia muungurumo, mkondo unapanda sana, na kinga ya joto inakata ndani ya sekunde chache. Kinga hiyo hupoa taratibu, pengine nusu saa au zaidi, tofauti na presha swichi inayorudi ndani ya dakika chache.

Volteji ndogo huleta muungurumo huohuo, kwa hiyo ipime wakati kompresa inapojaribu kuwaka, si mashine ikiwa imelala. Nguvu ya kuzungusha hushuka kwa kipeo cha pili cha volteji: badala ya volti 230 ukipata 185, inabaki chini ya theluthi mbili. Ukisoma 185 kwenye kontakta wakati huohuo mita ya Luku ina 220, tafuta waya mwembamba au kiungo kilicholegea kati ya hapo na hapo. Zikishuka zote mbili pamoja, hata kapasita mpya haitasaidia. Tatizo linatoka kwenye laini ya mtaani.