Dhamana

Mama mmoja, mkimbizi wa Kongo hapa Mantapala, alinionyesha picha ya kifungu cha mkataba wa mkopo kilichoandikwa kwa Kiingereza. Mwanawe alikifasiri kwa neno moja: “dhamana”. Lakini dhamana ni ya kutoka polisi, ni mali iliyowekwa rehani, na ni ahadi ya kumlipia mwingine. Kifungu kilisema wadhamini watano wanawajibika pamoja na kila mmoja peke yake: deni likiwa kwacha 5,000, mama, akiwa mmoja wao, anaweza kudaiwa zote, si 1,000 tu. Picha haikuonyesha fasili za maneno zilizo ukurasa wa kwanza. Nikamwomba mkataba mzima kabla hajasaini. Kwa kuelewa tu, jirani ajuaye Kiingereza atasaidia. Shauri likifika mahakamani, tafuta mkalimani aliyeapishwa.