Kujiita "mutu wa kuweka" mbele makuta hayajaonekana

Mama mmoja anauza sambaza sokoni. Kila mwaka anapanga: "Nitaweka dola 100 mpaka masomo yafunguliwe." Mwezi wa pili anachoka, juu dola 100 bado ziko mbali na kopo iko karibu tupu. Hapo shida si kopo, ni mahali alipoanzia. Alianza na matokeo.

Kuna njia nyingine, ile mwandishi Mmarekani James Clear aliyoieneza katika kitabu chake cha mwaka 2018: mtu anaanza na kujiuliza yeye ni mutu wa namna gani. Mama huyu aseme, "Mimi niko mutu wa kuweka." Halafu atafute tendo dogo la kuonyesha hivyo, lile linalowezekana hata siku soko limelala. Kwa mfano, kabla ya kukunja meza anatia franga 200 ndani ya kopo. Kwa siku 30 inakuwa franga 6.000 tu. Ni kidogo, haifiki hata karibu na minerval. Lakini jioni hizo 30 amejiona mwenyewe akiweka.

Kujiona huko ndiko kunafanya kazi. Mwaka 1972 mwanasaikolojia Daryl Bem alieleza kwamba mara nyingi tunajijua kwa kuangalia matendo yetu, kama vile jirani anavyotujua. Kwa hiyo jina bila tendo ni maneno ya kinywa tu, na jirani wa kwanza kulikataa ni wewe mwenyewe.

Itachukua muda gani? Huko London, Phillippa Lally na wenzake walifuatilia watu 96 waliochagua kila mmoja tendo moja la kila siku. Matokeo yao, ya mwaka 2010, yalionyesha kwamba tendo lilianza kujiendesha lenyewe kisha siku 66 hivi kwa wastani, lakini watu walitofautiana sana: kuanzia 18 mpaka 254. Kuruka siku moja hakukuharibu kitu.

Siku hiyo moja, lakini, ndiyo inaangusha wengi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha New York waliona jambo hilo kwa watoto wadogo: wale walioambiwa "muwe wasaidizi" walivunjika moyo zaidi waliposhindwa kuliko wale walioambiwa tu "musaidie". Jina linabeba, na linaweza pia kulemea. Mama akikosa kuweka jioni moja, dalili mbaya ni kusikia anasema, "Kumbe mimi siko mutu wa kuweka." Afadhali aseme, "Leo sikuweka," na kesho arudi kwa zile 200, bila kujaribu kulipa deni la jana.

Na pale mtoto ni mgonjwa, hakuna jina linaloongeza franga mfukoni. Siku hiyo kopo inafunguliwa. Ndiyo maana iliwekwa.