Dizeli yenye salfa kidogo: inavyoathiri injini na chujio la masizi katika Bonde la Kilombero

Na Mwandishi Wetu, Ifakara

Dizeli inayoruhusiwa kuuzwa nchini kwa matumizi ya magari haitakiwi kuwa na salfa inayozidi sehemu 50 katika kila sehemu milioni moja kwa uzito, kiwango ambacho kwa kifupi huandikwa 50 ppm. Kiwango hicho kilianza kutumika Januari 1, 2015, baada ya nchi tano zilizokuwa wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wakati huo, yaani Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi, kukubaliana kuoanisha viwango vyao vya mafuta. Kabla ya hapo ukanda huu ulitumia dizeli yenye salfa hadi sehemu 500, na ile ya miaka ya nyuma zaidi ilifikia 5,000 au kuzidi.

Kwa wananchi wa Ifakara na Bonde la Kilombero kwa jumla, jambo hili linagusa mashine za aina mbili zinazonyweshwa dizeli ileile. Ipo mitambo ya zamani, yakiwemo matrekta, pawatila na injini za mashine za kukoboa mpunga. Yapo pia magari na mashine mpya zaidi za kuvunia, ambazo ekzosi zake zimefungwa chujio la kunasa masizi. Salfa huziumiza zote, ila kwa njia tofauti.

Tuanze na injini ya zamani. Tuchukue trekta lenye tangi la lita 100. Dizeli hiyo ina uzito wa takriban kilo 84. Ikiwa ni ya kiwango cha sehemu 5,000, ndani ya tangi moja kuna gramu 420 za salfa. Ikiwa ni ya kiwango cha sasa cha sehemu 50, salfa iliyomo ni gramu nne na ushei tu. Injini inapounguza dizeli, salfa hugeuka kuwa gesi, na sehemu kubwa ya gesi hiyo hutoka na moshi. Sehemu ndogo hukutana na mvuke wa maji na kuwa asidi ya salfuriki, ambayo hula kuta za laina na ringi za pistoni, hasa injini inapowashwa na kuzimwa kabla haijapata moto wa kutosha.

Oili ndiyo inayoikabili asidi hiyo. Watengenezaji huiwekea akiba ya alkali, ambayo kwenye karatasi za vipimo husomeka TBN, na akiba hiyo hupungua kila tone la asidi linapotulizwa. Ikiisha, oili huendelea kuonekana nyeusi na laini kama kawaida, lakini haikingi tena chuma. Hiyo ndiyo sababu watengenezaji wengi wa injini huelekeza oili ibadilishwe katika nusu ya muda wa kawaida pale dizeli yenye salfa nyingi inapotumika. Kwa dizeli ya sehemu 50, mwenye trekta anaweza kufuata muda ulioandikwa katika kitabu cha mashine, isipokuwa vumbi la shambani limlazimishe kuwahi.

Wapo mafundi wanaoeleza kwamba salfa ndiyo iliyokuwa ikilainisha pampu ya nozeli, na kwamba dizeli ya sasa ni “kavu”. Madai hayo yana nusu ya ukweli. Kinacholainisha si salfa yenyewe, bali viambata vingine vya asili vinavyoondolewa pamoja nayo kiwandani wakati wa kusafisha mafuta. Kwa sababu hiyo dizeli yenye salfa kidogo huongezewa kilainishi kabla ya kufika kwenye pampu za kuuzia. Mwenye gari hana haja ya kuiongezea oili chakavu kwenye tangi, kama baadhi wanavyofanya. Oili hiyo hubeba chembe za chuma na majivu ambayo huziba nozeli.

Madhara makubwa zaidi yako kwenye ekzosi za kisasa. Chujio la masizi hunasa masizi, kisha kompyuta ya gari huyaunguza mara kwa mara ili kulisafisha. Mbele ya chujio hukaa kichocheo chenye madini ya thamani, ambacho hurahisisha masizi kuungua katika joto la chini. Salfa hufunika madini hayo na kudhoofisha kazi yake. Sehemu nyingine ya salfa hugeuzwa na kichocheo hichohicho kuwa chembechembe mpya za salfeti, hivyo kifaa kilichowekwa kupunguza uchafu kinaishia kuuongeza. Magari mengi yaliyotumika yanayoingizwa kutoka Japani yalitengenezwa kwa dizeli ya sehemu 10 tu. Hufanya kazi kwa dizeli ya 50, lakini hayana nafasi ya kuvumilia zaidi ya hapo.

Nafasi hiyo ndogo humalizwa kwa urahisi na uchanganyaji. Lita 90 za dizeli ya sehemu 50 zikitiwa lita 10 za mafuta ya taa yenye sehemu 1,000, mchanganyiko hufikia sehemu 145, karibu mara tatu ya kiwango. Lita hizo 10 zikiwa ni za dizeli ya zamani yenye sehemu 5,000, mchanganyiko hupanda hadi 545. Aidha, mafuta ya taa hulainisha pampu kwa kiwango kidogo kuliko dizeli. Macho na pua haviwezi kupima salfa. Kazi hiyo hufanywa na maabara. Dizeli ya kwenye madumu, ambayo historia yake haijulikani, ndiyo yenye hatari kubwa kwa gari lenye chujio.

Hata hivyo si kila taa ya DPF inayowaka kwenye dashibodi inatokana na mafuta mabaya. Chujio husafishika injini ikiwa na joto la kutosha kwa muda wa kutosha. Gari linalotambaa kwenye tope la masika, au linaloachwa likiunguruma likisubiri kupakia mpunga, halifikii joto hilo. Dalili inayoelekeza zaidi kwenye mafuta ni taa kurejea upesi mara tu baada ya safari ndefu ya mwendo wa barabara kuu, hasa ikiwa imeanza baada ya kujaza mafuta mahali papya.

Kukata chujio na kuacha bomba tupu hakumalizi tatizo. Kompyuta isiporekebishwa huendelea kumwaga dizeli ya ziada kwenye silinda ikidhani inasafisha chujio, na sehemu ya dizeli hiyo hushuka kwenye oili. Kijiti cha kupimia oili kikionyesha kiwango kimepanda badala ya kushuka, injini isiendelee kufanya kazi hadi oili ibadilishwe.

Uchaguzi wa oili nao hutegemea aina ya injini. Gari lenye chujio huhitaji oili yenye majivu kidogo, ambayo chombo chake huandikwa CJ-4 au CK-4, kwa kuwa majivu ya oili hayaungui na hubaki kwenye chujio daima. Oili hiyo kwa kawaida ina akiba ndogo ya alkali, hivyo ikikutana na dizeli yenye salfa nyingi huchoka haraka. Trekta la zamani lisilo na chujio linaweza kuendelea na oili ya CI-4.

Mwananchi anayeshuku mafuta aliyouziwa atunze risiti ya EFD, na achukue sampuli ya takriban lita moja kutoka kwenye tangi kabla ya kujaza mafuta mengine. Sampuli iwekwe kwenye chombo safi na kikavu chenye kifuniko kinachobana, kiandikwe tarehe na jina la kituo, kisha taarifa itolewe kwa Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA) au Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Chombo kilichowahi kuwekwa mafuta ya taa kisitumike, kwani mabaki yake hubadilisha matokeo ya kipimo.