Bango Lililopauka Kawajense: Soma Nembo Kabla ya Sura

Anayetaka kuweka kumbukumbu ya mabango ya siasa katika kata ya Kawajense, Mpanda, aanze na nembo, rangi na maneno, na sura aiache mpaka mwisho. Sura ndiyo inayodanganya kwa urahisi kuliko vyote. Fundi anayechora ukutani hunakili picha ndogo, na Nyerere wake anaweza kufanana na mzee yeyote mwenye masharubu. Bango la karatasi nalo huchakaa kwa mvua na vumbi mpaka usoni pakabaki macho na kola ya shati.

Watanzania walizoea kusoma alama zamani. Katika uchaguzi wa Septemba 1965, uliofanyika chini ya chama kimoja, majimbo mengi ya bara yalikuwa na wagombea wawili, wote wa TANU. Kwa kuwa wapiga kura wengi hawakujua kusoma, mgombea mmoja alipewa alama ya jembe na mwenzake nyumba. Mkulima wa kijijini aliweza kumchagua mbunge asiyepata kumwona hata siku moja, kwa sababu alilijua jembe lake.

Sasa tuchukue bango la mfano. Tuseme limebandikwa kwenye ukuta wa duka Kawajense, juani kwa miaka. Rangi yake ni bluu, uso haueleweki, na chini kuna maneno yaliyokatika: "...Zaidi, Kasi Zaidi". Mpita njia ataona bluu na kusema ni la CHADEMA, maana bluu imo katika bendera yao. Hapo atakuwa amekosea. Kijani cha mashine ya uchapaji huundwa kwa wino wa njano juu ya wino wa samawati, na juani njano hutoweka mapema. Kinachobaki ni ile samawati ya chini. Basi bango la kijani la CCM likikaa juani muda mrefu hugeuka bluu bila mtu kuligusa. Ukitaka uhakika, chungulia pembeni palipofunikwa na bango jingine au na ubao wa dirisha. Pale jua halikufika, kijani bado kipo.

Umbo la nembo halipauki namna hiyo. Rangi ikififia, mistari hubaki, na jembe likipishana na nyundo ni nembo ya CCM, chama kilichozaliwa tarehe 5 Februari 1977 kwa kuungana TANU na ASP. Lakini tazama vizuri chombo kilichopishana na jembe. Kikiwa shoka, na katikati kuna mkuki uliosimama, hiyo ni sehemu ya Ngao ya Taifa, na bango linaweza kuwa la serikali, pengine la afya au sensa, lisilo la kampeni kabisa. Nimeona watu makini wakivichanganya vyombo hivi viwili, na kosa hilo hubadilisha maana yote ya picha: kiongozi yuleyule anaonyeshwa ama kama mkuu wa nchi, ama kama mwanachama anayeomba kura.

Maneno ndiyo yanayotupa mwaka. Mwaka 2005 Kikwete alinadiwa kwa "Ari Mpya, Nguvu Mpya, Kasi Mpya". Mwaka 2010, akirudi kuomba kipindi cha pili, "mpya" ikawa "zaidi". Kwa hiyo vipande vya maneno kwenye bango letu vinatupeleka kampeni za 2010. Ila havithibitishi kwamba uso ule ni wa Kikwete, kwa sababu wagombea ubunge na udiwani nao huchapisha kaulimbiu ya mgombea urais. Mpaka jina au cheo kisomeke, andika "bango la CCM, kampeni za 2010, mgombea hajatambuliwa".

Na kaulimbiu nayo huhama. Herufi M4C zilikuwa za vuguvugu la mabadiliko la CHADEMA, lakini mwaka 2015 upande wa CCM ukazitumia kumnadi Magufuli, herufi ya kwanza ikisimama kwa jina lake. Ukiona M4C peke yake kwenye ukuta wa mwaka huo, usitoe hukumu. Tafuta kama kuna vidole viwili vilivyonyooshwa, alama ya CHADEMA, au jembe na nyundo.

Kwa Mpanda kuna ushahidi mwingine ambao wageni huupita. Mji huu ulikuwa katika Mkoa wa Tabora, ukahamishiwa Rukwa mkoa huo ulipoundwa mwaka 1974, na mwaka 2012 ukawa makao makuu ya mkoa mpya wa Katavi. Bango letu likiwa na maandishi madogo chini yanayotaja Mkoa wa Rukwa, hilo linaafikiana na 2010. Yakitaja Katavi, basi tulichosoma kwenye kaulimbiu kina kasoro, na inabidi turudi kwenye karatasi yenyewe tuangalie kama ni mabango mawili yaliyobandikwa moja juu ya jingine.