Kofia Mlangoni, Viatu Mlangoni

Makindu ni mji mdogo kwenye barabara kuu ya Nairobi kwenda Mombasa, na wasafiri wengi huujua kwa sababu ya hekalu la Masingasinga lililojengwa mwaka 1926. Waliolijenga walikuwa watu wa reli wenye asili ya Punjabi. Hadi leo msafiri wa dini yoyote hupewa chakula hapo bila kulipa, na akichelewa safari hupewa mahali pa kulala. Si ajabu, basi, kwa Mkristo wa Kitui au Mwislamu wa Kisauni, nyumba ya kwanza ya ibada isiyo yake kuingia ikawa gurudwara hii. Huingia na adabu alizofunzwa kwao, nazo humfikisha nusu ya njia.

Tuanze na kichwa. Mwanamume wa Kikristo anapofika mlango wa kanisa huvua kofia. Desturi hiyo ina mzizi katika waraka wa kwanza wa Paulo kwa Wakorintho, ambamo mwanamume aombaye amefunika kichwa anakiaibisha, na mwanamke aombaye bila kufunika anakiaibisha chake. Akivua kofia vilevile Makindu, heshima yake itasomeka kinyume. Huko kila mtu hufunika kichwa, mwanamume kwa mwanamke, mtoto kwa mzee. Mwenyeji ana kilemba chake au mtandio; mgeni hujifunga leso kubwa au kitambaa ambacho kwa kawaida huwekwa karibu na mlango kwa ajili ya watu kama yeye. Chepeo ya michezo haihesabiki.

Katika sinagogi nako mwanamume hufunika kichwa. Msikitini kofia ni adabu nzuri, lakini asiyeivaa swala yake inasihi. Kwa hiyo, tukizipanga nyumba hizi pamoja, mwanamume wa Kikristo ndiye wa pekee anayeonyesha unyenyekevu kwa kuvua. Kwa wanawake hali imebadilika zaidi. Sheria ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1917 iliwataka wafunike vichwa kanisani. Ile ya mwaka 1983 haikulitaja jambo hilo tena, na leo mtandio kanisani ni hiari. Mgeni wa kike anayeingia msikitini hana hiari hiyo. Msikiti wa Taifa wa Kampala, ambao hupokea watalii wengi, huwaazima wanawake mitandio na vitambaa vya kujifunga kiunoni.

Miguuni mambo yanageuka. Kisa cha Musa kuamriwa avue viatu mbele ya moto kimo katika kitabu cha Kutoka na pia katika Surat Taha, lakini waliokirithi hawakukitumia namna moja. Wakristo wa Orthodoksi wa Ethiopia huvua viatu kabla ya kuingia kanisani. Waanglikana wa Unguja na Wakatoliki wa Bagamoyo huingia navyo. Waislamu huvua, ila sababu yao kubwa ni tohara ya mahali pa kusujudia. Kuna Hadithi sahihi kwamba Mtume alipata kuswali na viatu vyake, na hiyo inaonyesha kwamba kinachoogopwa ni najisi wala si kiatu chenyewe. Ndiyo maana utamwona Mwislamu akibeba makubadhi yake mkononi hadi ndani, akayaweka mahali pasipo na zulia. Makindu usifanye hivyo. Viatu hubaki nje ya ukumbi, nawe hunawa mikono kabla ya kuingia. Sigara na tumbaku ya kila aina huachwa mbali kabisa, hata kama zimo mfukoni tu. Soksi zinaruhusiwa kote, na tundu kwenye kidole gumba ni fedheha ya mwenyewe.

Mavazi na viatu vinaweza kusahihishwa mlangoni kwa neno moja la mwenyeji. Mahali pa kuketi panahitaji kujua zaidi, kwa sababu kila nyumba ina kitu ambacho macho ya wote huelekea, na mpango wa kuketi hutokana na kitu hicho.

Msikitini kitu hicho ni upande, yaani kibla. Watu hujipanga safu, bega kwa bega, na aliyewahi ndiye wa mbele hata akiwa mchukuzi wa bandarini. Mgeni asiyeswali huketi nyuma au pembeni, na wanawake wana sehemu yao. Kosa lake kubwa litakuwa kukatiza mbele ya mtu anayeswali. Kanisani macho huelekea altare na mimbari, na mabenchi huwaelekeza watu huko. Ukisimama wakati wengine wanasimama umeshafanya yakupasayo. Kupiga magoti si lazima kwako. Benchi za mbele mara nyingi zina wenyewe, wazee wa kanisa au wenye harusi, na hilo si la Afrika peke yake: Uingereza ya karne ya 19 ilikuwa na familia zilizokodi mabenchi yao kanisani.

Katika gurudwara kinachotazamwa ni Kitabu, Guru Granth Sahib, ambacho Masingasinga wanakihesabu kuwa Guru aliye hai. Kimewekwa juu ya kiti chake, chini ya kitambaa kilichotandazwa juu, na mhudumu hukipepea kwa usinga, kama ilivyofanywa zamani kwa wafalme. Waumini hukisogelea, huinama hadi paji la uso liguse sakafu, kisha hurudi kuketi. Mgeni anaweza kuinamisha kichwa tu. Hakuna anayepaswa kukaa juu kuliko Kitabu, kwa hiyo wote huketi chini, tajiri na kibarua, wanaume kwa kawaida upande mmoja na wanawake upande wa pili. Kunja miguu: kuinyoosha nyayo zikielekea Kitabu ni utovu wa adabu ambao Mswahili ataufahamu haraka, maana naye hapendi nyayo zielekee msahafu. Mwenye magoti mabovu aketi nyuma, aegemee ukuta.

Tofauti iliyo kubwa kuliko zote, kwa maoni yangu, haimo katika mavazi wala viti. Imo katika kinachoingia kinywani. Katika misa ya Kikatoliki mgeni asiye Mkatoliki hubaki mahali pake watu wanapokwenda kukomunika. Hafukuzwi, ila mkate ule ni wa waliobatizwa na kufunzwa, na kuupokea bila hayo ni kudai ushirika usio wako. Mkristo aliyelelewa hivyo, au Mwislamu aliyeshuhudia hivyo, akipelekewa Makindu donge la halua ya moto mwishoni mwa ibada atasita, akidhani kwamba anaheshimu mpaka. Mpaka huo haupo hapo. Halua hiyo, ya unga wa ngano, samli na sukari kwa vipimo sawa, hupewa kila aliyemo ukumbini, na kuikataa bila sababu huumiza. Kinga viganja viwili, ule papo hapo. Asiyeweza kula kitu kilichotolewa katika ibada nyingine, na wapo wenye msimamo huo kwa imani, aseme kwa upole kabla hajatiliwa.

Baada ya hapo kuna chakula chenyewe, mlo wa langari, usio na nyama, ulioanzishwa ili watu wa matabaka yote wale pamoja. Masingasinga husimulia kwamba hata mfalme Akbar, katika karne ya 16, aliketi kula na watu wa kawaida kabla ya kuonana na Guru Amar Das. Chapati hupokelewa kwa mikono miwili. Wahudumu hurudi mara kwa mara, na kiganja kilichotandazwa juu ya sahani huwaambia imetosha. Kuomba kidogo ni bora kuliko kubakiza. Hutaletewa hesabu. Anayetaka kutoa sadaka hutia kisandukuni mwenyewe, kama msikitini, na wala hapitishiwi kikapu kama kanisani. Asiye na kitu anaweza kwenda kuosha sahani.