Kikomo cha Umajimaji na Fahirisi ya Ufinyangikaji

Ukipewa ripoti ya uchunguzi wa udongo wa kiwanja, na kiwanja chenyewe ni cha mfinyanzi, tafuta kwanza safu mbili zilizoandikwa LL na PI. Makala haya yanaziita kikomo cha umajimaji na fahirisi ya ufinyangikaji.

Mfinyanzi mkavu ni mgumu, na ukiupiga hupasuka. Uongeze maji kidogo kidogo, utafika mahali unapokubali kufinyangwa bila kumeguka, na mwisho utalegea na kutiririka. Mwaka 1911 mwanakemia wa Sweden, Albert Atterberg, aliweka mipaka kati ya hali hizo kwa kupima kiasi cha maji. Unyevu unaoanza kuruhusu udongo ufinyangwe ni kikomo cha ufinyangikaji, au PL. Unyevu unaoufanya uanze kutiririka ni kikomo cha umajimaji. Tofauti kati ya viwili hivyo ndiyo fahirisi. Unyevu wenyewe ni uzito wa maji ukigawanywa kwa uzito wa udongo mkavu, ndiyo maana unaweza kupita asilimia 100.

Wapo wanaotumia neno unyumbufu hapa, na linapotosha. Kitu kinyumbufu, kama mpira, ukikivuta na kukiachia hurudi kilivyokuwa. Udongo haurudi, hubaki na umbo ulilopewa, na kitenzi cha kazi hiyo ni kufinyanga. Nalo neno fahirisi tumelizoea katika fahirisi ya bei: ni namba inayokokotolewa kutokana na vipimo vingine, nayo haipimwi moja kwa moja.

Vipimo vyenyewe ni kazi ya mkono. Udongo huchekechwa kwenye chekeche la mikrometa 425, huchanganywa na maji mpaka uwe uji mzito, kisha hupakwa kwenye kikombe cha shaba kilichobuniwa na Arthur Casagrande. Fundi huchora mfereji katikati, halafu huzungusha mkono wa mashine ili kikombe kinyanyuke na kuanguka milimita 10, mara mbili kwa sekunde. Huhesabu mapigo mpaka kingo mbili za mfereji zikutane kwa urefu wa milimita 13 hivi. Unyevu unaofunga mfereji kwa mapigo 25 ndio kikomo cha umajimaji. Kwa kikomo cha ufinyangikaji, fundi huviringisha udongo kwa kiganja juu ya kioo mpaka uwe uzi mwembamba. Uzi ukianza kukatika pale tu unapofikia unene wa milimita 3, unyevu wake ndio jibu.

Tuchukue namba za mfano za udongo mweusi, ule ambao Tanzania huitwa udongo wa mbuga na Kenya udongo wa pamba. Ni nadra kupata mapigo 25 kamili, kwa hiyo fundi hupima mara nne: mapigo 35 kwa unyevu wa asilimia 72.4, mapigo 28 kwa 74.1, mapigo 22 kwa 76.0 na mapigo 17 kwa 78.0. Akizichora kwenye karatasi ambayo mhimili wake wa mapigo ni wa logi, hupata mstari ulionyooka, na penye mapigo 25 husoma 75. Nukta moja ikikaa mbali na mstari, hupima upya, maana huenda udongo haukuchanganyika vizuri au kikombe kimelegea na hakianguki tena milimita 10. Uzi ulikatika kwenye unyevu wa asilimia 30. Basi fahirisi ni 75 − 30, yaani 45.

Namba 45 inasema kwamba udongo huu unaweza kumeza maji mengi, karibu nusu ya uzito wake mkavu, tangu unapoanza kufinyangika mpaka unapoacha. Uwezo huo hutokana na madini ya montimoriloniti, ambayo matabaka yake membamba huvuta maji katikati yake na kuachana. Kwa kawaida wahandisi huchukulia fahirisi iliyo chini ya 15 kuwa dalili ya uvimbaji mdogo, na iliyopita 35 kuwa dalili ya uvimbaji mkubwa sana. Nyumba nyepesi ya ghorofa moja ikijengwa juu ya udongo huu kwa msingi wa kina kifupi, mvua ikija itanyanyuka zaidi pembeni, kunakopenya maji, kuliko katikati, na nyufa zitaonekana kwenye pembe za madirisha na milango.

Kosa la kawaida ni kuamua kwa kikomo cha umajimaji peke yake. Chukua udongo mwekundu wa volkano, wa aina inayopatikana Nairobi, wenye vikomo vya 72 na 44. Kikomo cha juu kinakaribiana na cha udongo mweusi, lakini fahirisi ni 28 tu. Casagrande alichora mstari wa kutenganisha hali hizi: toa 20 kwenye kikomo cha umajimaji, kisha zidisha kwa 0.73. Kwa udongo mweusi jibu ni 40, na fahirisi yake ya 45 iko juu ya mstari. Kwa mwekundu jibu ni 38, na fahirisi ya 28 iko chini. Udongo huo mwekundu una madini ya haloisiti, yaliyoshikana katika vichembe vyenye maji ndani yake. Maji hayo huhesabiwa kwenye unyevu ilhali hayaulegezi udongo. Bwawa la Sasumua, linaloipatia Nairobi maji, lilijengwa kwa udongo wa namna hiyo. Vipimo vyake vya kawaida viliwatia watu shaka, mpaka mhandisi Karl Terzaghi alipoeleza mwaka 1958 kwamba ni udongo imara na sababu ni hivyo vichembe. Tahadhari moja: udongo wa haloisiti ukikaushwa kwenye oveni kabla ya kupimwa hubadilika, na vikomo vyake hushuka. Upimwe ukiwa na unyevu wake wa asili.

Kuhusu nguvu, vikomo havisemi neno mpaka uvilinganishe na unyevu ulioko kiwanjani. Mfinyanzi uliokandwa, ukiwa kwenye kikomo cha umajimaji, hubeba mkato wa kilopaskali 2 hivi tu. Ukiwa kwenye kikomo cha ufinyangikaji hubeba takriban mara mia ya hapo. Udongo wetu mweusi ukiwa na unyevu wa asilimia 33, uko karibu na kikomo cha chini na unaweza kubeba zaidi ya kilopaskali 100. Mvua ikiupandisha hadi asilimia 48, nguvu hushuka kufikia kama 32. Hapa ndipo kiangazi kinapodanganya. Shimo likichimbwa wakati wa ukavu, kuta zake husimama wima na sururu hudunda, na mwenye nyumba huridhika. Kumbe udongo uliokauka hivyo ndio wenye njaa kubwa ya maji, na ndio utakaovimba kuliko wote.

Vikomo hupimwa kwenye udongo uliovurugwa, kwa hiyo haviwezi kusema msingi utanyanyuka kwa milimita ngapi. Hilo huhitaji kipande kisichovurugwa, kilowekwe maji chini ya mzigo na kupimwa kinavyopanda. Lakini fahirisi ndiyo inayoamua kama gharama ya kipimo hicho inastahili. Kwa hiyo ukipokea ripoti yenye kikomo cha umajimaji tu, bila fahirisi na bila unyevu wa kiwanjani siku sampuli ilipochukuliwa, irudishe maabara ikamilishwe kabla hujamlipa mchimba msingi.